Simu Ikikosea, Nani Atajua?

Tangazo la msiba siku hizi haliandikwi, linatengenezwa. Kijana wa steshenari anaweka picha ya marehemu katikati, maua pembeni, jina kwa herufi za mapambo, kisha chini kabisa, kwa maandishi madogo meupe yaliyolala juu ya mawingu, siku ya mazishi, saa na mahali. Tangazo linapandishwa kwenye kundi la ukoo, na muda si muda watu wameshajazana kuandika "poleni sana". Mwanaukoo asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, anafika kwenye ujumbe huo na kusikia jina la aliyetuma, neno "picha", na saa ulipotumwa. Basi. Anazisikia pole zote, moja baada ya nyingine, na bado hajui aliyefariki ni nani.

Programu inayomsomea inaitwa kisoma-skrini. Kwenye simu za Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na kwenye kompyuta wengi hutumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Ukigusa kitu, inakutajia. Ukitelezesha kidole, inakwenda kwenye kitu kinachofuata. Lakini inasoma herufi tu, na tangazo lile, hata likiwa limejaa maneno, kwa simu ni madoadoa ya rangi. Neno lililochorwa ndani ya picha si neno tena.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani kuliko simu hizi za Android na iPhone. Anayeweka picha kwenye tovuti anaweza kuiambatanishia maelezo ambayo jicho haliyaoni lakini kisoma-skrini kinayasoma:

```
<html lang="sw">
<img src="tangazo.jpg" alt="Mazishi ni Jumamosi saa 8 mchana, makaburi ya Kinondoni">
```

Ni mstari mmoja tu wa maneno. Hata hivyo shirika la WebAIM la Marekani, ambalo kila mwaka hukagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja, limekuwa likikuta zaidi ya nusu ya kurasa hizo zina angalau picha moja isiyo na maelezo. Na hiyo `lang="sw"` ya juu si pambo. Ndiyo inayokijulisha kisoma-skrini kwamba ukurasa ni wa Kiswahili, kibadili sauti. Tovuti nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya kiolezo cha Kiingereza na mjenzi hakukumbuka kubadili herufi hizo mbili, kwa hiyo habari za Dodoma zinasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji anabaki kubahatisha. Asiyewahi kuisikia afanye jaribio dogo: aweke sauti ya simu yake kwa Kiingereza, kisha aipe aya moja ya gazeti la Kiswahili iisome.

Kwa kuwa watu hawaandiki maelezo, mashine zikapewa kazi ya kuyatunga. Mwaka 2016 Facebook ilianza kuzitolea picha maelezo ya moja kwa moja, na mmoja wa wahandisi walioisukuma kazi hiyo ni Matt King, ambaye haoni. Mwanzoni mfumo ulitambua vitu kama mia moja tu, na ulisema kwa tahadhari ya wakili: picha inaweza kuwa na watu watatu, wanatabasamu, nje. Kufikia 2021 vitu ulivyovitambua vilizidi 1,200, lakini ulikuwa bado ni orodha. Mageuzi yalikuja Machi 2023. Be My Eyes, huduma ya Kidenmaki iliyobuniwa na Hans Jørgen Wiberg, fundi wa samani mwenye uoni hafifu, ilikuwa tangu 2015 ikiwaunganisha wasioona na watu wa kujitolea kwa simu ya video. Mwaka huo wa 2023 ikaongeza akili unde inayoitazama picha na kuieleza kwa sentensi kamili, kisha inajibu maswali: shati lina doa? Tarehe ya mwisho ya unga huu ni lini? Leo huduma za namna hiyo ziko kadhaa, Seeing AI ya Microsoft na Lookout ya Google zikiwamo, na hata TalkBack yenyewe kwenye simu mpya inaweza kuombwa ieleze picha.

Kwa hiyo mwanaukoo wetu leo hasubiri mtu wa kumsomea. Anashikilia tangazo, anachagua kushiriki, anaipa programu ya maelezo, na baada ya sekunde chache anaambiwa kwamba ni tangazo la mazishi, lina picha ya mzee mwenye miwani na koti la kijivu, jina lake ni fulani, mazishi ni Jumamosi. Hilo lisidharauliwe. Mtu aliyezoea kumwomba mtoto wa jirani amsomee barua zake za benki anajua alichokipata: kuacha kumweleza kila mtu mambo yake. (Ingawa picha ile, pamoja na barua ya benki, sasa inapitia kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo. Siri imebadilisha tu mtunzaji.)

Tatizo langu na teknolojia hizi si kwamba zinakosea. Ni namna zinavyokosea.

Programu za zamani za kusoma maandishi kwenye picha zilitambua herufi moja moja. Zikishindwa, zilitoa takataka: "Juma%o5i 5aa B mch4na". Inaudhi, lakini sikio linashtuka, na msikilizaji anajua papo hapo kwamba hapa pana shida, apige picha upya au aulize. Mfumo mpya wa akili unde haufanyi kazi hivyo. Umefundishwa kutunga sentensi inayoelekea kuwa kweli kutokana na picha na maneno mengi uliyowahi kuonyeshwa. Herufi zikifichwa na mapambo, haunyamazi wala hautoi takataka. Unajaza pengo kwa kitu kinachofaa pale. Tarehe iliyofifia inakuwa tarehe nyingine, safi kabisa. Namba ya mchango yenye 3 iliyochorwa kama 8 inasomwa kwa sauti ileile tulivu inayosoma tarakimu zilizo sahihi. Anayeona angetupa jicho na kucheka. Anayeitumia ndiye hasa asiyeweza kutupa jicho, na ndiyo maana anaitumia.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtego mwingine ambao watengenezaji wa ng'ambo hawaufikirii kabisa: saa. Tangazo linasema "saa 8 mchana". Programu ikiwa imewekwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kwenye simu nyingi, itaeleza tangazo kwa Kiingereza, na katika kutafsiri inaweza kuiacha ile 8 ilivyo. Msikilizaji anaambiwa mazishi ni saa nane kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa mbili yetu, ya asubuhi au ya usiku. Saa sita zimepotea, na hakuna kilichosikika vibaya. Anayelijua hili haombi programu "ieleze" tangazo. Anaiamuru isome maneno yote kama yalivyoandikwa, kwa Kiswahili, bila kutafsiri na bila kufupisha, kisha analipitisha tangazo hilohilo kwenye programu ya pili ya aina ile ya zamani na kulinganisha namba. Zikitofautiana, anampigia mtu. Ni kazi ya dakika tatu kwa jambo ambalo mwenzake amelimaliza kwa kulitazama mara moja.

Vitu vya kwetu navyo vina shida yake. Mwaka 2019 watafiti wa Facebook waliipima mifumo ya kutambua vitu iliyokuwa sokoni kwa picha za nyumbani kutoka nchi nyingi, za matajiri na za maskini. Picha ya sabuni ya kipande kutoka nyumba moja ya Nepal, mifumo iliiita chakula, jibini, mkate. Kwa jumla mifumo ilipata majibu sahihi kwa vitu vya Marekani kuliko vya Somalia na Burkina Faso, kwa pengo la pointi kati ya 15 na 20 katika kila mia. Sababu haina siri: picha za kufundishia zilitoka kwa wingi kule ambako sabuni ni chupa yenye pampu kando ya sinki jeupe. Mifumo ya leo ni bora kuliko ile, lakini chanzo cha kasoro hakijaondoka. Mwonyeshe picha ya harusi ya pwani, na mashine itakueleza vizuri kwamba kuna mwanamke aliyevaa vazi la rangi angavu. Kwamba ni khanga, kwamba imeandikwa jina, na kwamba jina lile linampiga mtu kijembe mbele ya umati, hayo ndiyo waliohudhuria wote wameyaona na ndiyo yatakayosimuliwa wiki nzima.

Sasa tuhamie kwa kiziwi, maana kasoro yake ni ndugu wa hii, ila imevaa nguo nyingine.

Maandishi ya papo kwa papo ni maneno yanayojitokeza kwenye skrini mtu anapozungumza. Kazi hii nayo ilianzishwa na wenye haja nayo. Ken Harrenstien, mhandisi kiziwi wa Google, ndiye aliyekuwa nyuma ya maandishi ya kujitengeneza ya YouTube yaliyotangazwa Novemba 2009. Dimitri Kanevsky, mtafiti aliyepoteza usikivu utotoni, alishiriki kuitengeneza Live Transcribe, programu ya Android iliyotoka Februari 2019 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Washington, ambacho ni chuo cha viziwi. Kiswahili kilikuwa kimeingizwa kwenye mfumo wa Google wa kuandika kwa sauti tangu 2017, kwa hiyo mtu wa Mwanza au Mombasa anaweza kuifungua programu hiyo, kuchagua lugha na kuiweka simu mezani. Mara nyingi itahitaji bando, kwa sababu sauti inatumwa mbali ili maneno yarudi. Ile huduma nyingine, inayoweka maandishi chini ya video yoyote inayochezwa kwenye simu bila mtandao, ilianza kwa Kiingereza peke yake na ikaongezewa lugha chache kubwa za dunia, na tofauti hiyo inamgusa kila anayetaka kufuata video za Kiswahili akiwa hana salio.

Mfumo unafanya nini hasa? Unaikata sauti katika vipande vidogo vya sehemu ya sekunde, unakadiria kila kipande kinafanana na sauti gani, kisha unachagua mfululizo wa maneno unaoelekea zaidi kuwa ndio uliosemwa. Hapo kwenye "unaoelekea zaidi" ndipo pa kuangalia. Jina la mtu lisilo la kawaida linageuzwa kuwa neno la kila siku linalofanana nalo. Jina la dawa vivyo hivyo. Na mtu wa Nairobi anayeanza sentensi kwa Kiswahili, akapita kwa Kiingereza na kumalizia kwa Sheng anausumbua mfumo uliotarajia lugha moja, kwa hiyo kile kipande cha Kiingereza unakiandika kwa maneno ya Kiswahili yanayokaribiana nacho kwa sauti.

Wataalamu hupima ubora wa mifumo hii kwa kuhesabu maneno yaliyokosewa: yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, kisha wanagawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Tuchukue mfano wa kliniki. Daktari anamwambia mgonjwa kiziwi, simu ikiwa mezani:

"Vidonge hivi usimeze pamoja na maziwa, na kesho kabla ya kipimo usitumie chai."

Ni maneno 13. Sema simu imeandika hivi: "Kidonge hivi usimeze pamoja na maziwa, na kesho kabla ya vipimo usitumie chai." Maneno mawili yamekosewa kati ya 13, ni asilimia 15. Sentensi imechubuka kidogo, lakini mgonjwa ameelewa, tena hata ile "kidonge hivi" imemwonyesha kwamba simu imejikwaa.

Sema badala yake imeandika hivi: "Vidonge hivi umeze pamoja na maziwa, na kesho kabla ya kipimo utumie chai." Makosa ni mawili kati ya 13, asilimia 15 ileile. Sarufi haina doa. Na mgonjwa ameagizwa kinyume cha alichoambiwa, mara mbili.

Katika lugha yetu, kukataza na kukanusha mara nyingi kunabebwa na silabi moja katikati ya neno. Tena katika "usimeze" na "usitumie" ile "si" haina mkazo, kwa sababu mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akizungumza haraka, feni ikizunguka, mtoto akilia kwenye benchi la nje, silabi hiyo ndiyo ya kwanza kuzama. Kuna nyingine ni sauti moja tu: "atakuja" na "hatakuja", "ana presha" na "hana presha". Na h ile wasemaji wengi tunaimeza. Binadamu anayesikia hapotei, kwa sababu ameuona uso wa daktari, amesikia kidatu cha sauti, na anajua mazungumzo yalipotoka. Mfumo unazo "ana" na "hana", zote ni Kiswahili sanifu, zote zinafaa pale, na lazima uchague moja. Ukichagua vibaya hauachi alama yoyote. Ndiyo maana mtu akiniambia programu fulani ni sahihi kwa asilimia 90, namwuliza: hizo 10 zimeangukia maneno gani?

Yapo yanayosaidia, na si ya gharama. La kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, nguvu ya sauti inayofika inabaki robo. Daktari aliye ng'ambo ya meza ya mita moja na nusu anasikika na simu vibaya sana kuliko aliyeisogeza simu mbele yake. Maikrofoni ndogo ya kubana shatini, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, hufanya kazi kuliko simu ghali. La pili ni kuyaingiza mapema kwenye Live Transcribe maneno yako maalumu, majina ya wanao, dawa zako, mtaa wako, kwa sababu programu hiyo ina sehemu ya kuongeza maneno. La tatu ndilo bora kuliko yote na halihitaji kifaa: anayezungumza atazame skrini. Kosa ambalo kiziwi hawezi kulijua, daktari atalijua kwa mtazamo mmoja, kwa sababu yeye anajua alichosema. Kwa mambo ya hatari, kama dozi na tarehe, aandike. Na katazo lirudiwe kwa umbo lisilotegemea silabi moja: badala ya "usimeze na maziwa", "maziwa ni marufuku". Neno "marufuku" ni vigumu kulipoteza kwenye kelele.

Mkutano wa watu wengi ni habari nyingine, na hapo teknolojia bado iko nyuma sana. Maandishi huchelewa sekunde kadhaa, na mengine hubadilika ukiwa unayasoma, kwa sababu mfumo hujisahihisha kadiri sentensi inavyoendelea. Wazungumzaji wawili wakipandiana, maneno yao yanakuwa mto mmoja usiojulikana umetoka kwa nani. Kiziwi anapomaliza kusoma hoja na kuinua mkono, kikao kimeshahamia ajenda nyingine. Kwenye kanisa au ukumbi wenye mwangwi, simu iliyowekwa kitini inaokota ukuta kuliko mhubiri. Pale inafaa kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa fundi mitambo, na fundi huyo mara nyingi yuko tayari, ila hakuna aliyewahi kumwomba.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewatendea viziwi wengi dhuluma, kwa kudhani kwamba tukiyapata maandishi yaliyonyooka, kazi imekwisha. Maandishi yanamfaa vizuri zaidi mtu aliyepoteza usikivu ukubwani, au aliyepata shule iliyompa Kiswahili cha kusoma kwa raha. Aliyezaliwa kiziwi, lugha yake ya kwanza mara nyingi ni lugha ya alama, ya Tanzania au ya Kenya, ambazo ni lugha mbili tofauti, kila moja na sarufi yake isiyo ya Kiswahili. Kumwandikia Kiswahili ni kumpa lugha ya pili, na wengi waliipata shuleni kwa tabu, kwa walimu wasiojua alama. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Simu bado haiijui.

Si kwamba hakuna wanaojaribu. Kila baada ya muda hutokea habari ya wanafunzi waliobuni glavu inayotafsiri alama kuwa sauti, na vyombo vya habari hupiga makofi. Viziwi wenyewe hawapigi, na wana hoja. Alama haifanywi kwa vidole peke yake: nyusi, mdomo, mwelekeo wa mabega na mahali mkono unapokaa hewani ndivyo vinavyotofautisha swali na kauli, au aliyepiga na aliyepigwa. Glavu haioni uso. Tena mzigo wote wa kuvaa na kuchaji anabebeshwa kiziwi, na anayesikia hajifunzi chochote. Upande wa pili ziko katuni za kompyuta zinazotoa alama. Mwaka 2018 Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha kimataifa cha wakalimani wa lugha ya alama walitoa tamko la pamoja la tahadhari kuhusu katuni hizo, kwamba zisichukue nafasi ya binadamu pale ambapo habari ni ya papo hapo na ya maana. Ili mashine ijifunze lugha ya alama inahitaji video nyingi mno za watu wengi wakizungumza lugha hiyo, zikiwa zimefafanuliwa sentensi kwa sentensi na wanaoijua. Kwa lugha za alama za kwetu, video za namna hiyo ni chache, na wanaoweza kuzifafanua ndio haohao wakalimani wachache wanaogombewa na mahakama, hospitali na runinga.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa dawa, mahakama na fedha, mkalimani na msomaji wa kibinadamu hawajapata mbadala, na taasisi inayomwambia kiziwi "si una simu?" ili isilipe mkalimani inakwepa wajibu. Watengenezaji wenyewe wa programu za kueleza picha huwaonya watumiaji wasizitegemee kusomea maelekezo ya dawa wala kuvukia barabara. Kwa menyu ya hoteli, soga za kundi, rangi ya shati na stori za kijiweni, zitumike kwa furaha zote, na zikikosea tutacheka pamoja.

Na wewe unayesoma hapa, inawezekana kabisa wewe ndiye unayepandisha matangazo kwenye kundi lenu. Mara nyingine, kabla hujagusa kitufe cha kutuma, weka kidole kwenye ile nafasi ya maneno chini ya picha na uandike nani, nini, siku gani, saa ngapi na wapi. Kama kuna namba ya mchango, iandike na hiyo, usiiache ndani ya picha. Na mtu akikuwekea simu mbele yako ili aone unachosema, isogeze karibu, sema sentensi moja kwa wakati mmoja, kisha inama uisome kabla hujaendelea na ya pili.